Kamisheni ya mauzo au ya faida: punguzo limuume nani?

Chukua duka la jumla la vifaa vya ujenzi lenye wauzaji watatu, kila mmoja analipwa mshahara mdogo pamoja na kamisheni ya asilimia 2 ya mauzo. Mteja anataka mzigo wa shilingi milioni 10, ambao tajiri aliununua kwa milioni 8. Anaomba apunguziwe asilimia 5. Muuzaji akikubali, mauzo yanashuka hadi milioni 9.5 na kamisheni yake inatoka 200,000 hadi 190,000. Yeye kakosa 10,000; tajiri kakosa nusu milioni, yaani robo ya faida ghafi. Kumlaumu muuzaji hapo ni kumwonea, maana mpango wenyewe ndio unaomlipa agawe pesa isiyo yake.

Wengi watakushauri ulipe asilimia 10 ya faida ghafi. Bei kamili ikishika, muuzaji anapata 200,000 zilezile. Akipunguza, anabaki na 150,000. Sasa atabishana na mteja kidogo.

Tatizo ni kwamba faida huhesabiwa kutoka bei ya kununulia, na hiyo ni siri ya duka. Muuzaji akiijua, anaweza kuhamia nayo kwa jirani. Asipoijua, kila mwisho wa mwezi ataamini amepunjwa. Tena tajiri akinunua vibaya, au dola ikipanda, anayekatwa ni muuzaji ambaye hakuwepo kwenye manunuzi. Hoja hii ni nzito kuliko wenye maduka wanavyotaka kukiri.

Kwa timu ndogo, mimi ningefunga kamisheni kwenye punguzo: bei kamili asilimia 2, punguzo lisilozidi asilimia 5 kamisheni 1.5, lisilozidi 10 kamisheni 1, na zaidi ya hapo lazima tajiri aidhinishe. Kwenye mzigo wetu, punguzo la asilimia 5 linampa muuzaji 142,500, karibu sawa na hesabu ya faida, na hakuna aliyefunua daftari la manunuzi. Udhaifu wake utauona kwenye ankara: zikianza kurundikana kwenye asilimia 5 kamili, ujue wateja wameshaambiwa kikomo.

Saruji itengwe. Faida yake kwa mfuko ni nyembamba, lakini ndiyo inayomleta mteja atakayenunua rangi na mabomba. Ilipiwe kiasi maalumu kwa kila mfuko, la sivyo wauzaji wataikimbia.

Mali kauli nayo ina mvutano wake. Tajiri anataka alipe kamisheni deni likishalipwa. Muuzaji anauliza kwa nini asubiri deni ambalo tajiri mwenyewe aliliruhusu. Kugawa nusu ankara inapotoka na nusu fedha ikiingia kunavumilika pande zote.

Kabla ya kubadili, pitisha ankara za miezi mitatu kwenye hesabu ya mpango wa sasa na ya mpango mpya. Muuzaji atakayeporomoka sana huenda ni mgawa punguzo, au huenda ndiye uliyemkabidhi makandarasi wakubwa wasionunua bila kupunguziwa; huyo apangiwe bei kamili ya wateja wake.