Zao la nukta na mishazari ya rombasi: kinachothibitishwa na kinachokopwa

"Mwalimu, kama zao la nukta linamaliza kazi kwa mstari mmoja, kwa nini bado tunaambiwa tuchore pembetatu ili kuonyesha kwamba mishazari ya rombasi inakatana kwa pembe mraba?" Swali hili ni la mwanafunzi wa kidato cha tano, Nyamagana, Mwanza.

Mstari wenyewe ni huu. Chukua rombasi ABCD, ukaiite vekta AB kwa jina a, na vekta AD kwa jina b. Mshazari AC ni a + b, na mshazari BD ni b − a. Ukizidisha kwa nukta unapata:

(a + b)·(b − a) = a·b − a·a + b·b − b·a = |b|² − |a|²

Kwa kuwa pande zote za rombasi zina urefu mmoja, |a| = |b|, na jibu ni sifuri. Mishazari yenyewe haina urefu wa sifuri maadamu rombasi haijabanwa ikawa mstari, kwa hiyo pembe kati yake ni nyuzi 90.

Nguvu ya hoja hii haiko katika ufupi peke yake. Hesabu ile ile inatuambia mahali ambapo usawa wa pande unafanya kazi, na inatuambia kitu gani kingetokea kama usawa huo usingekuwapo. Tujaribu kwa tarakimu. Ikiwa a = (5, 0) na b = (3, 4), urefu wa kila moja ni 5; mishazari ni (8, 4) na (−2, 4), na zao lake ni −16 + 16, yaani 0. Sasa irefushe a iwe (6, 0) bila kugusa b. Umbo linakuwa msambamba wa kawaida, mishazari ni (9, 4) na (−3, 4), na zao ni −27 + 16 = −11. Namba hiyo ni 25 − 36, yaani tofauti ya miraba ya pande mbili, kama fomula ilivyotabiri. Kwa hiyo hoja inasomeka pia kinyumenyume bila kazi ya ziada: msambamba wowote ambao mishazari yake inakatana kwa pembe mraba lazima uwe rombasi. Mwenye kutumia pembetatu ataupata ukweli huo wa pili, lakini atalazimika kuanza uthibitisho mwingine.

Hapa pia ndipo pa kukagulia kazi ya mwanafunzi. Uthibitisho ambao haukutaja popote kwamba |a| = |b| ni batili hata kama mstari wake wa mwisho ni sahihi, kwa sababu ungethibitisha jambo hilo hilo kwa kila msambamba, na tumeona hivi punde kwamba si kweli. Kosa lingine linalojitokeza ni kuandika a = b mahali pa |a| = |b|. Anayefanya hivyo ameifuta rombasi: vekta mbili zikiwa sawa kwa urefu na kwa mwelekeo, mshazari BD unatoweka, na sifuri anayoipata haimwambii chochote kuhusu pembe.

Upande wa pili wa shauri una hoja nzito, na sioni haki kuipita harakaharaka. Tuliposema kwamba AC ni a + b, tulitumia habari ambayo hatukuithibitisha. AC ni AB kuongeza BC. Ili BC igeuke kuwa b, lazima BC na AD ziwe vekta ile ile, yaani pande zinazotazamana ziwe sambamba na kuelekea upande mmoja. Lakini rombasi kwa maana yake ya msingi ni umbo la pande nne zilizo sawa kwa urefu, na maana hiyo haitaji usambamba hata kidogo. Kwamba pande nne sawa katika bapa zinazaa msambamba ni kweli inayohitaji uthibitisho wake, na uthibitisho wa kawaida ni kuchora mshazari mmoja na kulinganisha pembetatu mbili zenye pande tatu sawa. Basi mwanafunzi aliyedhani ameziepuka pembetatu amezitumia bila kuzitaja.

Jambo hili halibaki la vitabuni. Anayetembelea soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, au mwalo wowote wa ziwani, ataona rombasi nyingi kuliko atakazoziona darasani, kwa maana kila jicho la nyavu ni umbo la pande nne sawa lenye fundo katika kila pembe. Nyavu ya inchi 6 hupimwa kwa kulivuta jicho mpaka lifumbe, fundo hadi fundo, kwa hiyo kila upande ni inchi 3. Nyavu ikifungwa kwenye kamba ya juu kwa namna inayolipa jicho upana wa inchi 3, kimo chake tunakijua kwa sababu tu mishazari inakatana nusu kwa nusu na kwa pembe mraba: nusu ya upana ni 1.5, mzizi wa 9 − 2.25 ni karibu 2.6, na kimo kizima ni karibu inchi 5.2. Pembe za jicho hubadilika kila kamba inapovutwa au kulegezwa, lakini pembe kati ya mishazari yake haibadiliki.

Nyavu ikiwa majini, mkondo huipinda, na jicho moja linaweza kukunjika kwenye mshazari wake likaacha kuwa bapa. Chukua B katika (3, 0, 0), D katika (−3, 0, 0), A katika (0, 4, 0) na C katika (0, 0, 4). Pande zote nne zina urefu wa 5. Ukitaka hakikisha kwa kanuni ya Pithagorasi. Hapa AB + AD ni (0, −8, 0), hali AC yenyewe ni (0, −4, 4). Mstari wetu mmoja umevunjika katika neno lake la kwanza. Hata hivyo AC·BD, yaani (0, −4, 4)·(−6, 0, 0), bado ni sifuri! Hitimisho limesimama ingawa hoja iliyolibeba imeanguka, na hiyo ni dalili kwamba hoja ilikuwa imeegemea mahali pasipostahili.

Kwa bahati njema, zao la nukta lina dawa yake, na kwa maoni yangu hii ndiyo sura ya uthibitisho inayofaa kufundishwa. Weka asili katika nukta A, na uziite vekta za kufika B, C na D kwa majina b, c na d. Mishazari ni c na d − b. Sasa kokotoa jumla na tofauti hii ya miraba ya pande nne:

AD² + BC² − AB² − CD² = |d|² + |c − b|² − |b|² − |d − c|²

Ukifungua mabano, |d|², |b|² na |c|² zote zinafutana, na kinachobaki ni 2c·d − 2b·c, yaani 2c·(d − b). Kwa maneno mengine:

2 AC·BD = AD² + BC² − AB² − CD²

Usawa huu ni kweli kwa nukta nne zozote, ziwe katika bapa au angani. Pande nne zikiwa sawa, upande wa kulia ni sifuri papo hapo, bila kukopa neno lolote kuhusu usambamba. Jicho lililokunjika limeingia humo, na hata umbo la tiara, ambalo AB ni sawa na AD na CB ni sawa na CD, limeingia, ingawa si rombasi. Gharama yake ni mistari mitatu mahali pa mmoja. Ni bei ndogo.

Linabaki pingamizi la ndani zaidi: zao la nukta lenyewe limesimama juu ya nini? Tukilifafanua kuwa |a||b| mara kosaini ya pembe iliyo kati yake, basi sifuri maana yake ni pembe mraba moja kwa moja, lakini haki ya kufungua mabano haiji bure. Inatakiwa kuonyeshwa kwamba kivuli cha jumla ya vekta mbili juu ya mstari ni jumla ya vivuli vyake. Tukilifafanua kwa majiranukta, x₁x₂ + y₁y₂, kufungua mabano kunakuwa hesabu ya kawaida, lakini sasa uhusiano wa sifuri na pembe mraba ndio unaodai uthibitisho. Uthibitisho huo hupita katika |a − b|² = |a|² + |b|² − 2a·b, na unaihitaji kanuni ya Pithagorasi pamoja na kinyume chake. Ukichagua njia hii au ile, jiometri iliyofukuzwa mlangoni imekwisha kuingia kwa dirisha.

Baadhi ya walimu huita hali hii hoja ya mzunguko. Siafikiani nao. Mzunguko ungekuwapo kama Pithagorasi angehitaji mishazari ya rombasi ili athibitike, naye hahitaji. Lakini wana haki wakisema kwamba tumebeba mzigo mkubwa kwa safari fupi. Katika mpangilio wa Euklidi, kulinganisha pembetatu kwa pande tatu ni pendekezo la 8 la kitabu cha kwanza, wakati kanuni ya Pithagorasi na kinyume chake ni mapendekezo ya 47 na 48. Kwa pembetatu peke yake kazi inakwisha hivi: ABC na ADC zina pande tatu sawa, kwa hiyo AC inaigawa pembe A katikati, O ikiwa ndipo mishazari inapokatana, pembetatu AOB na AOD zina pande mbili sawa na pembe kati yake sawa, basi pembe mbili za O zilizo kandokando ni sawa, na kwa kuwa jumla yake ni nyuzi 180, kila moja ni 90. Hoja hii haikuhitaji usambamba, na kama ziada imeonyesha kwamba OB ni sawa na OD.

Ziada hiyo ina uzito. Zao la nukta likiwa sifuri linataja mwelekeo tu. Halisemi kama mishazari inagawana nusu kwa nusu, wala halisemi kama inakutana. Katika jicho lililokunjika hapo juu haikutani kabisa: kila nukta ya BD iko kwenye mhimili wa x, na AC haigusi mhimili huo. Swali likitaka nusu na pembe mraba kwa pamoja, mtumiaji wa vekta anapaswa kuongeza mstari unaoonyesha kwamba nukta ya kati ya AC na ile ya BD zote ni (a + b)/2 kwa majina yetu ya mwanzo, na mstari huo, tofauti na usawa wa miraba minne, hauwezi kuandikwa kabla ya kuthibitishwa kwamba rombasi ni msambamba. Kwa swali la namna hiyo ningemshauri mwanafunzi achore pembetatu. Swali likitaka pembe peke yake, hasa pale nukta zinapotolewa kwa majiranukta au umbo linapokuwa angani, ningemshauri aandike usawa wa miraba minne.