Mshumaa wa ndani na mshumaa wa nje: soko limebana kweli, au siku imekatwa mahali pake?

Wafuatiliaji wengi wa chati za kripto huusoma mshumaa wa ndani kama dalili kwamba soko limejibana, na mshumaa wa nje kama dalili kwamba limefumuka ghafla. Kila mshumaa kwenye chati huonyesha mwendo wa bei katika kipindi kimoja, kwa mfano siku. Mshumaa wa ndani ni ule ambao bei yake ya juu kabisa iko chini ya kilele cha mshumaa uliotangulia, na bei yake ya chini kabisa iko juu ya kitako cha mshumaa huohuo, ambao wafanyabiashara huuita mshumaa mama. Mshumaa wa nje ni kinyume chake, kwa kuwa unapita kilele na kitako vya mwenzake kwa pamoja. Maana zake ni rahisi, lakini zinategemea jambo ambalo katika soko la kripto si thabiti, nalo ni saa ambayo siku moja huisha na nyingine kuanza.

Soko la hisa hufungwa jioni, na kengele yake ni tukio halisi ambalo wauzaji na wanunuzi hulizingatia. Kripto haifungwi. Masoko mengi ya sarafu hizi hukata siku saa 00:00 UTC, lakini hayo ni makubaliano tu, wala si masoko yote yanayoyafuata: katika data za soko la OKX, alama `1D` huhesabu siku kwa saa za Hong Kong, yaani kuanzia 16:00 UTC, na anayetaka siku ya UTC hulazimika kuchagua `1Dutc`. Watu wawili wanaotazama miamala ileile wanaweza basi kuona mishumaa tofauti kabisa.

Tuchukue mfano wa kubuni wa bitkoini kwa siku tatu, kila siku ikigawanywa katika vipande vya saa nane. Siku ya kwanza bei inacheza kati ya dola 59,000 na 62,000, na ncha zote mbili zinafikiwa katika kipande chake cha mwisho, kinachoanza 16:00; kabla ya hapo, tangu 16:00 ya siku iliyotangulia, bei ilibaki kati ya 60,200 na 61,500. Siku ya pili yote iko kati ya 60,400 na 61,300. Siku ya tatu, katika kipande cha kwanza bei inapanda hadi 62,400 bila kushuka chini ya 60,500, na katika kipande cha pili inaporomoka hadi 60,000. Kwa anayekata siku saa 00:00 UTC, siku ya pili ni mshumaa wa ndani ulio wazi, wenye upana wa dola 900 ndani ya mshumaa mama wa dola 3,000. Kwa anayekata saa 16:00, mshumaa unaofungwa siku ya kwanza una upana wa 60,200 hadi 61,500, na unaoufuata, unaofungwa siku ya pili, unafika 62,000 juu na 59,000 chini, kiasi cha kuumeza wote. Huyu haoni mgandamizo wowote mahali ambapo mwenzake aliuona. Anachokiona ni mshumaa wa nje.

Anayeutetea mshumaa wa ndani ana hoja mbili ambazo sioni sababu ya kuzidharau. Ya kwanza ni kwamba mpaka unaotazamwa na watu wengi hupata uzito kwa sababu hiyo hiyo: amri za kununua huwekwa juu kidogo ya kilele na za kuuza chini kidogo ya kitako, na bei ikizifikia zinaweza kuisukuma zaidi upande uleule. Ya pili ni kwamba upana mdogo humpa mfanyabiashara mahali pa karibu pa kukiri kwamba amekosea. Katika mfano wetu, aliyenunua 61,300 na kuweka stopu 60,400 alihatarisha dola 900 kwa kila bitkoini, ilhali aliyetumia mipaka ya mshumaa mama, akanunua 62,000 na kuweka stopu 59,000, alihatarisha 3,000. Ni kweli pia kwamba wa kwanza alipoteza dola zake 900 siku ya tatu, pale mvunjo wa juu ulipogeuka kuwa wa uongo, wakati stopu ya wa pili haikuguswa. Ukaribu wa stopu hupunguza gharama ya kosa moja, lakini huongeza idadi ya makosa.

Hoja inayopinga ina mizizi mirefu zaidi. Mwaka 1963 Benoit Mandelbrot alionyesha, kwa kutumia bei za pamba, kwamba mabadiliko makubwa hufuatwa na makubwa na madogo hufuatwa na madogo, bila kujali mwelekeo. Kama ni hivyo, utulivu wa leo unaashiria kwanza utulivu wa kesho, na mfumuko unaongojwa unaweza kuchelewa kwa siku nyingi. Zaidi ya hayo, mshumaa mama ukiwa mkubwa kuliko kawaida, mshumaa unaofuata una nafasi kubwa ya kuwa ndani yake hata kama soko limerudi tu kwenye mwendo wake wa kila siku. Ndiyo maana mimi huupima mshumaa wa ndani kwa wastani wa upana wa siku 14 zilizopita kabla ya kuutazama mama yake. Wastani huo ukiwa dola 1,000, zile dola 900 hazijabana chochote. Ukiwa dola 2,400, hapo pana jambo la kufuatilia. Jumamosi na Jumapili zinastahili tahadhari ya peke yake, kwa sababu mifuko ya uwekezaji inayoshikilia bitkoini yenyewe na kuuzwa katika masoko ya hisa ya Marekani tangu Januari 2024 hufanya kazi siku za wiki tu, na udogo wa mshumaa wa Jumamosi mara nyingi unaeleza kutokuwapo kwa wafanyabiashara kuliko kusitasita kwao.

Mshumaa wa nje una tatizo la namna nyingine: unapofungwa, mfumuko umekwisha kutokea, na kinachobaki kujulikana ni nani aliyeusukuma. Katika mikataba ya kripto isiyo na tarehe ya kuisha, wengi hufanya biashara kwa fedha za kukopa, na bei ikiwaendea kinyume soko huwafungia nafasi zao kwa nguvu. Kufungiwa huko huongeza mauzo bei inaposhuka na manunuzi inapopanda, hivyo mshumaa mmoja unaweza kuwafagia wa pande zote mbili na kuacha tambi ndefu juu na chini. Tambi hizo hazifanani katika kila soko, na mshumaa ulio wa nje kwenye chati ya mikataba huenda usiwe hivyo kwenye chati ya sarafu yenyewe, jambo linaloonyesha kwamba msukumo ulitoka kwa wakopaji.

Kwa hiyo mimi huipa jumla ya mikataba iliyo wazi uzito kuliko umbo la mshumaa. Ikiwa jumla hiyo imeanguka sana ndani ya mshumaa wa nje, waliolazimishwa kutoka wameshatoka, na kusoma mwelekeo mpya katika bei ya kufunga ni kubahatisha. Ikiwa imepanda huku bei ikifunga karibu na ncha moja ya mshumaa, nafasi mpya zimefunguliwa na waliofungua za upande wa pili tayari wana hasara, na hapo hoja ya kwamba mtikisiko utaendelea inakuwa na nguvu, ingawa upande utakaoshinda bado haujulikani kwa kuangalia mshumaa peke yake.