Alama 0.95 haitoshi kumwita mnyama mondo

Programu inayotambua wanyama kwa usahihi wa asilimia 98 inaweza kukupa orodha ya mondo ambayo sehemu kubwa yake ni kanu. Hesabu yake ni rahisi. Tuseme kamera za mtego, zinazojipiga mnyama akipita, zimepiga picha 10,000 za kanu na 50 tu za mondo. Programu ikikosea asilimia 2 ya kanu na kuwaita mondo, hao ni 200. Mondo halisi ikiwapata 45, orodha ina picha 245, na za kweli hazifiki moja kwa tano. Ndiyo maana ripoti inayotaja usahihi wa jumla peke yake mimi huiona haijasema kitu: mnyama adimu humezwa na makosa ya yule wa kawaida.

Usiku kosa hili hutokea kwa urahisi mno. Taa ya infraredi humulika ubavu ulio karibu hadi madoa yanafifia, na picha haina kipimo cha ukubwa. Mkia ndio unaoamua: wa kanu ni mrefu wenye pete nyeusi na nyeupe, wa mondo ni mfupi. Mkia ukibaki nje ya fremu, programu hukisia kwa madoa, na alama ya uhakika ya 0.95 inayotoa haimaanishi kwamba itapatia mara 95 kwa 100.

Kwa hiyo kila picha iliyoitwa mondo ikaguliwe na watu wawili, kila mmoja bila kuona jibu la mwenzake. Wakaguzi waangalie mfululizo mzima wa picha za tukio moja, maana mkia uliokosekana katika ya kwanza huenda umeingia katika ya tatu. Wasipoafikiana, iandikwe "mnyama mwenye madoa, hajatambulika". Jibu la programu libaki katika safu yake, la binadamu liwe kando. Ukilifuta la kwanza, hutajua tena programu inakosea wapi.

Wale mondo 5 waliopotea ni kazi ngumu zaidi. Wamo ndani ya picha 9,805 zilizoitwa kanu, na ukichomoa 500 kwa bahati nasibu huenda usimpate hata mmoja. Afadhali kuzipanga kwa chaguo la pili la programu, ukaanza na zile ambazo mondo alikaribia kushinda.

Kwa sauti mambo ni hayohayo, ila kuna hila ya ziada. BirdNET, programu inayotambua ndege kwa sauti, hukata rekodi vipande vya sekunde 3, na kurumbiza, hodari wa kuiga, anaweza kuimba sauti ya ndege mwingine kwa sekunde hizohizo. Mkaguzi afungue pia sekunde 10 za kabla na za baada, aitazame spektrogramu, yaani mchoro wa sauti: mwigaji hakai na wimbo mmoja, baada ya kitambo ataruka kwenye wa ndege mwingine. Kila spishi ipewe kizingiti chake, yaani alama ya chini kabisa ya kukubali jibu, kilichopatikana kwa kusikiliza vipande vya alama za chini, za kati na za juu kutoka eneo lilelile.