Jozi ya Miiba, Ganda na Jani: Picha Inatambua Mgunga kwa Kiasi Gani?

Kati ya watu wanaotambua migunga kwa picha na wataalamu wa mimea wanaofanya kazi na vielelezo vilivyokaushwa kuna mvutano usiokwisha. Wa kwanza wanasema kwamba mtu aliyezoea miti hii akionyeshwa jozi ya miiba, ganda la mbegu na jani moja zima, hana haja ya kitu kingine. Wa pili wanajibu kwamba picha huficha mambo yale yale yanayotenganisha spishi zinazokaribiana: vinyweleo, vitezi vidogo, na mahali hasa mwiba unapochipukia. Nimefuatilia hoja hizi kwa makini, na naona kwamba mara nyingi wanaobishana hawazungumzii swali moja, kwa sababu kujua jenasi ya mgunga ni jambo moja na kujua spishi yake ni jambo jingine, na picha haina nguvu ileile katika ngazi hizo mbili.

Katika ngazi ya jenasi, wapenzi wa picha wana hoja nzito. Migunga ya Afrika iliyokuwa ikiitwa Acacia kwa ujumla sasa imegawanywa hasa katika Vachellia na Senegalia, baada ya mkutano wa kimataifa wa mimea uliofanyika Vienna mwaka 2005 kuliacha jina Acacia kwa kundi kubwa la miti ya Australia, uamuzi ambao haukubadilishwa Melbourne mwaka 2011. Mgawanyo huo uliwaudhi wengi, lakini kwa mtu anayetazama picha una faida moja kubwa, nayo ni kwamba unafuata miiba kwa karibu sana. Katika Vachellia, miiba miwili ya kila kifundo, mahali jani linapochipukia kwenye tawi, ni stipuli zilizogeuka kuwa miiba, yaani viungo vidogo vya kandokando ya kitako cha jani, na ndiyo sababu imekaa kushoto na kulia kwa jani, aghalabu ikiwa imenyooka. Katika Senegalia, miiba huchipuka kutoka kwenye ngozi ya tawi, imepinda kama kucha, na inaweza kuwa miwili, mitatu, au kutawanyika ovyo kati ya kifundo na kifundo kama ilivyo kwa Senegalia brevispica. Picha moja nzuri ya kifundo kilichopigwa kutoka ubavuni humaliza swali hilo kwa miti mingi.

Hata hapo kuna mitego. Senegalia senegal, mti wa gundi, huwa na miiba mitatu kwenye kifundo: miwili ya pembeni inaelekea juu na mmoja wa katikati umepinda kuelekea chini. Picha ikipigwa kutoka upande usiofaa, ule wa katikati hufichwa na jani au na tawi lenyewe, na mtazamaji huhesabu jozi ambayo kwa kweli haipo. Mtego wa pili ni Faidherbia albida, ambayo ina jozi za miiba iliyonyooka kama Vachellia yoyote, lakini si Vachellia. Jani ndilo linaloitenga, kwa kuwa kikonyo chake, ile sehemu iliyo kabla ya jozi ya kwanza ya vitawi vya jani vinavyobeba vijani, hakina tezi, na tezi zake zimekaa pale vitawi vinapokutana. Tezi ni kidoa kidogo tu, na picha iliyopigwa kutoka mbali haiwezi kukionyesha. Kwa bahati nzuri ganda la mti huo ni nene, lina rangi ya chungwa na limejikunja kwa upana, hivyo anayeliona hahitaji kuitafuta tezi.

Ugumu wa kweli unaanza katika ngazi ya spishi, na mfano unaofaa kuchunguzwa kwa utulivu ni Vachellia tortilis, mgunga wa mwavuli ambao karibu kila mtu anadhani anaujua. Alama yake inayotajwa sana ni mchanganyiko wa miiba: kwenye tawi moja utaona jozi ndefu nyeupe zilizonyooka, na kwenye vifundo vingine jozi fupi zilizopinda kama ndoano. Wengi wakiona mchanganyiko huo hutangaza jina mara moja, jambo ambalo haliruhusiki, kwa sababu Vachellia reficiens na Vachellia etbaica nazo zina jozi fupi zilizopinda zikichanganyika na jozi ndefu zilizonyooka, na zote mbili zinaota katika nyika kavu za Afrika Mashariki ambamo V. tortilis imejaa. Umbo la mti halisaidii sana, maana V. reficiens nayo huwa na kichwa kilichotandazwa juu, na V. tortilis iliyolishwa na mbuzi ikiwa changa huonekana kama kichaka tu.

Tuchukue basi picha ya kawaida ya aina inayoletwa ili itambuliwe: tawi moja, miiba mirefu na mifupi, majani machache, maua hakuna, maganda hakuna. Hatua ya kwanza ni kuthibitisha kwamba mifupi nayo imekaa kwa jozi kandokando ya kitako cha jani, ili Senegalia iondolewe. Hatua ya pili ni kuhesabu vitawi vya jani, na hapa lazima uchaguliwe jani lililokua kikamilifu, kwa sababu majani ya kwanza baada ya mvua huwa na vitawi pungufu. V. reficiens kwa kawaida huwa na jozi chache sana za vitawi, moja hadi nne hivi, ilhali V. tortilis mara nyingi huzidi hapo, na vijani vyake ni vidogo mno, vingi vikiwa na urefu wa milimita chache na upana usiofika milimita moja. Jani lenye jozi nane za vitawi litaondoa V. reficiens kwa uhakika wa kuridhisha. Jani lenye jozi tatu halithibitishi chochote, kwa sababu V. tortilis nayo inaweza kuwa nalo. Na V. etbaica inabaki palepale, kwa vile hesabu yake inaingiliana na zote mbili. Kwa picha ya namna hiyo, jibu la haki ni Vachellia, ikifuatwa na majina mawili au matatu yanayowezekana. Anayeandika jina moja hapo amekisia, hata kama baadaye itaonekana kwamba alipatia.

Ganda likiongezwa, hali inabadilika kabisa. Ganda la V. tortilis limejipinda kuzunguka lenyewe kama springi, ni jembamba, na upana wake kwa kawaida hauzidi sentimita moja kwa kiasi kikubwa, ilhali yale ya V. reficiens na V. etbaica ni bapa na yamenyooka. Tofauti hii haihitaji lenzi wala mizani, na hapa ndipo ninapoungana na watu wa picha: kwa mti huu, picha ya ganda lililo bado kwenye tawi lenye miiba mchanganyiko ni ushahidi ambao kielelezo kilichokaushwa kisingeuzidi kwa lolote la maana. Nasema lililo bado kwenye tawi kwa makusudi. Ganda lililookotwa chini linaweza kuwa la mti wa jirani, au limeletwa na mnyama aliyekuwa akilila. Tena ganda lililosokotwa likiwa peke yake, bila tawi, huwapoteza wengi kwa Dichrostachys cinerea, ambayo si mgunga lakini ina maganda yaliyojisokota yakashikana kwenye fungu moja. Miiba ya huo haiko kwa jozi, bali ni ncha za vitawi vifupi vilivyokakamaa, kila kimoja peke yake. Anayeona tawi hadanganyiki.

Lakini watu wa vielelezo wana jibu la haki, nalo linahusu Vachellia nilotica. Spishi hiyo moja ina nususpishi zenye maganda yasiyofanana: subsp. nilotica na subsp. tomentosa yamebanwa kati ya mbegu na mbegu kama shanga kwenye uzi, na subsp. subalata yana kingo zilizo karibu kunyooka. Mtu aliyejifunza kwamba ganda la V. nilotica ni shanga ataikataa subsp. subalata akiwa mbele yake, na hatakuwa amefanya uzembe wowote, ila kanuni yake ni fupi kuliko mti wenyewe. Isitoshe, nilotica na tomentosa zinatenganishwa kwa vinyweleo vya ganda, na vinyweleo katika picha hutegemea jua limepiga wapi. Ganda lenye nywele nyingi likipigwa picha mchana wa jua kali huonekana laini, na ganda laini lenye vumbi huonekana lina nywele. Jambo hilohilo linazirudia nususpishi za V. tortilis, maana subsp. raddiana haina vinyweleo vya kutajwa, ilhali subsp. spirocarpa ina maganda yenye vinyweleo na vitezi vidogo, na vitezi hivyo vinataka lenzi.

Miiba iliyovimba nayo inapewa imani isiyostahili. Uvimbe mweusi wenye matundu, makazi ya sisimizi, huitwa Vachellia drepanolobium moja kwa moja, na katika udongo mweusi wa mfinyanzi wa nyanda za juu dhana hiyo huwa sahihi mara nyingi. Hata hivyo Vachellia seyal var. fistula ina uvimbe, na Vachellia zanzibarica ya ukanda wa pwani inao vilevile. Maganda hayatoi msaada mkubwa, kwa kuwa yote matatu ni membamba na yamepinda kama mundu. Hapa ua ndilo linaloamua kwanza, yaani kichwa cha duara cheupe kwa V. drepanolobium, cha manjano kwa hizo mbili nyingine, kisha gome. Kwa miti hii, basi, vile vitatu vinavyosifiwa havitoshi hata vikipatikana vyote.

Upande wa pili kuna Senegalia mellifera, ambayo jani lake peke yake linatosha: jozi mbili za vitawi, mara chache tatu, na kila kitawi kikiwa na jozi moja au mbili tu za vijani vipana. Ukiongeza jozi za ndoano nyeusi, hakuna cha kujadili, na kudai kielelezo kwa mti kama huo ni ukaidi.

Kwa hiyo ubora wa picha haupimwi kwa ung'avu wake. Unapimwa kwa kinachoonekana. Kifundo kipigwe kutoka ubavuni na tena kutoka juu, kwa sababu ndoano inayoelekea kwenye kamera huonekana kama nukta. Jani zima litandazwe juu ya karatasi nyeupe kando ya rula, pamoja na kikonyo chake hadi kitakoni. Ganda lipigwe ubapa na ukingo, maana ganda bapa likitazamwa kwa ukingo huonekana jembamba kama uzi. Matawi ya chini na ya mti mchanga yapigwe pamoja na ya juu, kwani miiba ya mti huohuo hupungua urefu unapopanda, na kwenye matawi ya juu ya mti mzee huenda usiione kabisa.

Picha zote hizo zikiwepo, ningekubali jina la spishi kwa V. tortilis, S. mellifera na F. albida bila kuuliza zaidi, ningesubiri ua kwa yenye uvimbe, na jina la nususpishi ningemwachia mwenye ganda mkononi na lenzi mfukoni.