Majeruhi kwa A-B-C-D-E: kupanga upya si kupamba, mradi saa zisiachwe nyuma

Majeruhi wa ajali hupokelewa na mikono mingi kwa pamoja, na muuguzi anayeandika hufuata sauti anazozisikia. Baadaye daktari huyachukua maandishi hayo na kuyapanga: A njia ya hewa, B upumuaji, C mzunguko wa damu, D fahamu, E kumvua nguo na kumkagua mwili mzima. Wengi hawaipendi kazi hii. Wanasema ni kupamba faili, na wengine wanakwenda mbali zaidi: eti ni kubadili ushahidi. Hofu hiyo ina msingi, nami nitaueleza. Lakini wanaoipinga hawajatazama vya kutosha kile ambacho mpangilio huo unafichua.

Chukua mfano huu, uliotungwa kwa ajili ya mjadala. Dereva wa bodaboda kagongwa na lori Barabara ya Mandela. Saa ni za mfumo wa 24.

21:40 amefika kwa bajaji, paja la kushoto linavuja damu, limekandamizwa. 21:42 anakoroma, damu mdomoni. Amefyonzwa, taya limesukumwa mbele. 21:43 oksijeni 82%, barakoa lita 15. 21:46 anapumua mara 36, kifua cha kulia hakisikiki hewa, presha 80/50, mapigo 136. 21:48 sindano kifuani kulia, hewa imetoka. 21:50 oksijeni 92%, presha 104/62. 21:51 kanula mbili, Ringa mililita 500. 21:54 asidi traneksamiki gramu 1. 21:58 mrija wa kifua. 22:03 ketamini, paja limefungwa banzi. 22:06 presha 86/54. 22:07 Glasgow 8.

Ukisoma hivyo ulivyo, unaona timu iliyochapa kazi. Karibu kila dakika mbili kuna jambo limefanyika, na jicho linaridhika. Sasa panga. A imekamilika kiasi: koromo, damu, kufyonza, taya, ila hakuna neno juu ya shingo, na mtu aliyegongwa na lori hasukumwi taya bila mwenzake kumshikilia shingo. B ina tatizo, tendo na matokeo, lakini idadi ya pumzi haikuhesabiwa tena baada ya mara 36, wala kifua hakikusikilizwa baada ya mrija. D ina namba moja tu, Glasgow 8, yaani alama ya fahamu ambayo kwa mtu mzima kiafya huwa 15, nayo ilipimwa dakika 4 baada ya ketamini, dawa ya usingizi. E ni tupu kabisa. Mgongo haujatazamwa, joto la mwili halijapimwa.

Hapo ndipo faida ilipo. Orodha ya saa huonyesha kilichofanyika. Haina namna ya kuonyesha kisichofanyika. Mpangilio wa herufi una nafasi inayosubiri kujazwa, na nafasi tupu huonekana. Hiyo Glasgow 8 ndiyo inayonisumbua kuliko yote. Daktari wa ubongo akipigiwa simu na kuambiwa "fahamu 8", ataamua kwa namba hiyo, na hakuna anayeweza kumwambia kama ni ubongo ulioumia au ni dawa. Kipimo cha kabla ya 22:03 hakipo, mboni hazikumulikwa, sukari haikupimwa. Katika orodha ya saa namba hiyo imekaa mwishoni kama hitimisho la kawaida. Chini ya D imesimama peke yake, na upungufu wake unaonekana hata na mtu asiyekuwepo chumbani.

Sasa upande wa pili, na hoja yao iliyo kali. Andika C ya mgonjwa huyu bila saa: "Presha 80/50. Kanula mbili, Ringa mililita 500. Presha 104/62." Kila neno ni kweli, na maana yake ni uongo. Msomaji ataamini presha ilipanda kwa dripu, kwa hiyo mgonjwa alikuwa amepoteza damu na ameitikia maji. Ukweli ni kwamba presha ilipanda saa 21:50, dakika 2 baada ya sindano na dakika 1 kabla ya dripu. Hewa iliyobanwa kifuani ilikuwa inauzuia moyo kujaa. Ilipotolewa, damu ikarudi. Anayesoma vibaya hapo atatafuta damu tumboni na kuusahau mrija, ambao ukikunjika au kuziba utamrudisha mgonjwa pale pale.

Kwa hiyo wapinzani wako sahihi kuhusu upangaji usio na saa. Dawa yake haina gharama: kila tendo libebe saa yake, na kila matokeo yabebe saa yake mwenyewe, si saa ya tendo. Tendo moja likigusa herufi mbili, liandikwe kamili mahali pamoja na kurejewa kwa kwingine. C iliyo sawa husomeka hivi: "21:46 presha 80/50, mapigo 136. 21:50 presha 104/62 (baada ya sindano ya 21:48, tazama B). 21:51 kanula mbili, Ringa mililita 500 imeanza." Paja nalo linaingia C ingawa lilishughulikiwa kabla ya yote, saa 21:40 iliyo mbele yake inatosha kueleza kwamba damu inayomwagika haikungojea A.

Kuna saa moja ambayo orodha zote mbili huikosea: saa ya ajali. Muda wa asidi traneksamiki, dawa ya kupunguza kutokwa damu, huhesabiwa tangu kuumia, si tangu kufika. Uchambuzi wa CRASH-2, utafiti wa dawa hiyo kwa majeruhi, uliotoka mwaka 2011 ulionyesha kuwa waliopewa ndani ya saa 1 walikufa kwa kutokwa damu 5.3%, wasiopewa 7.7%, waliopewa baada ya saa 3 walikufa 4.4%, wasiopewa 3.1%. Yaani dawa ile ile iligeuka kuwa hatari. Na hapa kwetu shahidi husema "saa mbili na dakika hamsini", anayeandika anaweka 2:50, na anayepanga upya anaibadili kuwa 02:50 au 14:50. Ni 20:50. Kwa dereva wetu dawa iliingia saa 1 na dakika 4 baada ya ajali. Ukihesabu tangu alipofika utapata dakika 14, na dakika 14 hizo hizo kwa mgonjwa aliyeletwa kwa rufaa kutoka Kibaha zinaweza kuficha saa nne. Juu ya karatasi, kabla ya A, iandikwe "ajali 20:50, kwa maelezo ya dereva wa bajaji".

Hatari ya mwisho wapinzani huitaja kwa kupita tu, nami naiona kubwa. Nafasi tupu hushawishi. Daktari kijana aliyeona E haina kitu, na bosi wake anapitia mafaili asubuhi, ataandika "mgongo kawaida". Kisichoandikwa kinaandikwa "hakikuandikwa". Kikifanyika baadaye kinaandikwa kwa saa ya kufanyika, si ya kufidia. Karatasi ya kwanza ya muuguzi hubaki ndani ya faili bila kufutwa; familia au polisi wakiuliza mfuatano, yenyewe ndiyo jibu.

Na ile presha ya 22:06, 86/54, haiingii katika C ya mwanzo. Mgonjwa amebadilika, kwa hiyo mzunguko wa pili umeanza, na herufi zinaandikwa upya kutoka A: njia ya hewa baada ya ketamini, mrija wa kifua kama bado unapumua, paja ndani ya banzi, kisha ultrasaundi ya tumbo. Ukizichanganya presha za mizunguko miwili, kushuka kule kutaonekana ni namba moja tu katika msururu, na daktari wa upasuaji hataitwa kwa wakati.