Siku 203 za kiwanda cha korosho: kimekwama au ni msimu?

"Nimeletewa hesabu za kiwanda kidogo cha kubangua korosho hapa Masasi, wanaomba mkopo. Nimepiga hesabu, mzunguko wa fedha zao ni siku 203. Biashara ya kawaida mjini inazungusha kwa siku 40 au 50. Hii si dalili tosha kwamba hapa pamekwama?"

Inaweza kuwa dalili, na inaweza isiwe. Namba 203 peke yake haisemi. Imetokana na namba tatu: siku ambazo mali inakaa ghalani, jumlisha siku ambazo mteja anakaa na pesa yako, toa siku ambazo wewe unakaa na pesa ya waliokuuzia. Ukizitenganisha hizo tatu ndipo utaona hiki kiwanda kinaumwa wapi, kama kinaumwa.

Tuanze na ghala, maana huko ndiko siku nyingi ziliko. Tuchukue kiwanda kinachobangua tani 25 za korosho ghafi kwa mwezi, yaani tani 300 kwa mwaka. Huku kwetu Mtwara na Lindi mnada unafunguliwa Oktoba, na ukifika Januari mzigo wa maana umeshaondoka kwenye maghala ya ushirika. Asiyenunua ndani ya kipindi hicho hana pa kununua Aprili. Kwa hiyo kiwanda kinanunua tani 100 Oktoba, 100 Novemba na 100 Desemba, huku kikiendelea kubangua tani zake 25 kila mwezi. Mwisho wa Desemba ghalani kuna tani 225. Mwisho wa Machi zimebaki 150, mwisho wa Juni 75, mwisho wa Septemba hakuna kitu.

Sasa angalia vioja vya hesabu. Kanuni inasema siku za ghalani ni mali iliyopo, gawanya kwa inayotumika kwa mwaka, zidisha kwa 365. Kiwanda kikifunga hesabu tarehe 31 Desemba, tani 225 kwa 300 zinakupa siku 274. Kiwanda hichohicho, chenye mashine zilezile na meneja yuleyule, kikifunga tarehe 30 Septemba kinakupa sifuri. Ukichukua wastani wa miezi yote 12 unapata tani 112.5, ambazo ni siku 137. Hiyo 137 ndiyo inayoeleza ukweli wa mwaka mzima. Kwa hiyo kabla ya kushtuka na 203, uliza imetoka kwenye mizania ya tarehe moja au kwenye wastani wa miezi. Nimeona watu wenye elimu nzuri ya uhasibu wakilinganisha kiwanda cha korosho na duka la jumla kwa kutumia mizania ya Desemba, wakahukumu.

Baada ya korosho ghafi kuna korosho zilizobanguliwa, na hapa viwanda vidogo vinapoteza siku bila kujua. Kwa kila tani 25 ghafi zinapatikana kama tani 6 safi, tukikadiria asilimia 24. Mnunuzi wa nje anataka kontena. Kontena la futi 20 linabeba boksi 700 za paundi 50 kila moja, karibu tani 15.9. Kiwanda chetu kitalijaza kwa siku 80 hivi. Boksi la kwanza linangoja siku 80, la mwisho halingoji, wastani ni siku 40. Na hapo tumechukulia kwamba mnunuzi anapokea madaraja yote. Akitaka daraja la W320 tupu, zile za daraja la W240 na vipande vinabaki vikingoja mwenzao, na siku zinapanda. Hakuna uzembe wowote hapo, ni udogo wa kiwanda tu. Dawa yake ni viwanda viwili au vitatu kuchangia kontena moja, au kumuuzia msafirishaji mkubwa kwa bei ya chini kidogo.

Tukisema mteja analipa siku 30 baada ya mzigo kuondoka, na kiwanda kinadaiwa siku 4 tu, jumla ni 137 na 40 na 30, toa 4. Hiyo ndiyo 203 yako. Kiwanda kinachofanya kila kitu sawasawa kinaweza kabisa kuwa na namba hiyo.

Upande wa pili nao una haki ya kusikilizwa, kwa sababu siku ni pesa hata kama msimu ndio umezileta. Tuweke korosho ghafi shilingi 3,000 kwa kilo na gharama za kubangua shilingi 600 kwa kila kilo ghafi. Mwaka mzima ni milioni 900 za malighafi na milioni 180 za kubangua, jumla milioni 1,080. Tani 72 safi zikiuzwa kwa wastani wa shilingi 16,500 kwa kilo zinaleta milioni 1,188. Kabla ya riba imebaki milioni 108. Lakini pesa iliyolala ndani ya mzunguko, ghafi, safi na ya kwa wateja, ukitoa deni la zile siku 4, ni wastani wa milioni 533. Kwa riba ya asilimia 15 hiyo ni milioni 80 kwa mwaka. Mwenye kiwanda anabaki na milioni 28.

Sasa mteja wake mkubwa aseme atalipa kwa siku 60 badala ya 30. Siku hizo 30 za ziada zinashika milioni 89 nyingine, na riba yake ni zaidi ya milioni 13. Karibu nusu ya faida iliyobaki imekwenda, na hakuna hata boksi moja lililoharibika. Ndiyo maana naogopa siku za wadaiwa kuliko siku za ghalani. Za ghalani zina sababu inayojulikana na zinashuka zenyewe kila mwezi. Za wadaiwa zikishapanda huwa hazishuki, kwa sababu mteja aliyezoea siku 60 hatarudi 30 kwa hiari yake.

Kuna na hatari ambayo haimo kwenye riba. Malighafi imenunuliwa Novemba kwa bei ya mnada, lakini korosho safi ya mwisho inauzwa Agosti au Septemba kwa bei ya soko la dunia ya siku hiyo. Bei ikianguka asilimia 10 kwa mwaka mzima, mauzo yanapungua kwa karibu milioni 119, zaidi ya faida yote ya kabla ya riba. Mzunguko mrefu ni dau refu juu ya bei. Mwenye mkataba uliofunga bei ya sehemu ya mzigo mapema yuko mahali tofauti kabisa na asiye nao, ingawa wote wawili wameandika 203.

Wasomaji wa huku wanakumbuka msimu wa 2018. Wanunuzi walitoa bei ya chini, na Novemba Serikali ikatangaza kwamba itanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Korosho zilikaa maghalani hadi 2019 zikitafuta mnunuzi, na wakulima wengi wakangoja malipo huku uhakiki wa kuwasaka kangomba, yaani walanguzi wanaonunua kwa mkulima nje ya ushirika, ukiendelea. Siku za ghalani zilipanda, na siku za wadai nazo zikapanda, safari hii mdai akiwa mkulima wa Tandahimba au Ruangwa. Kwenye karatasi siku za mdai zinapunguza mzunguko, kwa hiyo hesabu ingeonyesha nafuu mahali ambapo mkulima aliona shida.

Hilo linanileta kwenye namba ya tatu, inayopitwa haraka kuliko zote. Watu hufundishwa kwamba kuchelewa kulipa ni mtaji wa bure. Dukani ni kweli kiasi, unachukua mali kwa mali kauli, unauza, unalipa. Kwenye korosho haiwezekani. Mnunuzi wa mnadani analipa kwanza ndipo anatoa mzigo ghalani. Kwa hiyo deni lolote unaloliona kwenye vitabu vya kiwanda si la korosho ghafi. Ni la wale wadogo: wabanguaji, mwenye magunia na maboksi, fundi, mwenye lori.

Tuseme mwakani kiwanda hiki kinakuletea hesabu mpya na mzunguko umeshuka kutoka 203 hadi 185. Utafurahi. Ukiichambua unakuta ghala halijabadilika, wateja hawajabadilika, ila siku za wadai zimetoka 4 zikawa 22. Siku 22 za gharama zote ni milioni 65. Hizo milioni 65 zote ziko kwa watu wanaogharimu milioni 180 kwa mwaka, maana wa mnadani wameshalipwa. Gawanya, zidisha kwa 365: siku 132. Watu hawajalipwa kwa zaidi ya miezi minne. Wabanguaji wazoefu wataondoka, korosho nyingi zaidi zitavunjika mikononi mwa wageni, na kipande hakiuzwi bei ya korosho nzima. Mzunguko umefupika na kiwanda kinazama.

Kwa hiyo mtu anayeuliza kama 203 ni mbaya, mimi ningemwambia aachane nayo kwanza, aende ghalani na daftari. Mwisho wa Juni panatakiwa tani 75. Akikuta 120, hapo msimu hauhusiki tena: ama mashine ililala, ama wafanyakazi walikosekana, ama mnunuzi amekimbia na kubangua kumepunguzwa makusudi. Aangalie pia mzigo ulivyopangwa. Korosho ghafi iliyokauka vizuri, unyevu wa asilimia 8 hadi 10, inavumilia kukaa. Iliyoingia mbichi inaota ukungu, na tani zile zinazohesabika kwenye kitabu hazitatoa asilimia 24. Rundo la Oktoba likikutwa nyuma ya rundo la Desemba, ujue wanabangua jipya na kuacha la zamani lichakae.

Na kuhusu mkopo wenyewe, msimamo wangu ni kwamba urefu wa mzunguko si sababu ya kuwanyima, ni sababu ya kupanga marejesho kwa akili. Mkopo wa miezi sita unaotolewa Desemba na kudaiwa wote Juni utawakuta na tani 75 ambazo hazijabanguliwa, milioni 225 kwa bei ya kununulia, pamoja na maboksi yanayongoja kontena. Watalazimika kuuza ghafi kwa yeyote atakayejitokeza, kiwanda kisimame Julai, na wewe uandike kwenye faili kwamba mteja alishindwa kulipa. Yafunge marejesho kwenye kontena: kila linapolipwa, sehemu irudi benki, na ghala liwe dhamana inayopungua mwezi kwa mwezi sambamba na deni. Kontena la kwanza linajaa karibu na Krismasi na pesa yake inaingia mwishoni mwa Januari. Kabla ya hapo usidai zaidi ya riba.