Sensa ya Waifai

Mimi ni mtu wa orodha. Sokoni naenda na orodha, safari naenda na orodha, na Mama Shani huwaambia wageni kwamba siku nikifa nitaacha orodha ya watakaobeba jeneza, pamoja na majina ya akiba.

Kwa hiyo intaneti ya nyumbani ilipoanza kusuasua kila jioni, nikaamua kubadilisha paswedi ya waifai, nilijua kabisa pa kuanzia. Mwaka juzi niliibadilisha kiholela, na printa ikakaa miezi miwili bila mtu kujua kwamba imetengwa na familia. Tuligundua saa nne usiku, Shani analia, kazi ya shule inatakiwa kesho asubuhi. Safari hii nikaapa: hakibadilishwi kitu mpaka kila kifaa humu ndani kimeandikwa jina.

Jumamosi asubuhi nikafungua laptopu, nikaandika `192.168.1.1` pale juu, nikaingia kwenye ukurasa wa rauta. Kuna sehemu inaonyesha vifaa vilivyounganishwa. Nikakuta kumi na moja. Nikachukua daftari, nikapiga mstari katikati: upande mmoja "Wetu", upande wa pili "Wasiojulikana".

Ukurasa ule una tabia moja ambayo nashukuru nilikuwa naijua. Unaonyesha vilivyowashwa wakati huo tu. Kifaa kilichozimwa, kilichoisha chaji au kilichobebwa kwenda kazini hakionekani. Kwa hiyo baada ya rauta nikaanza kupita chumba hadi chumba, daftari mkononi, kalamu sikioni.

"Hodi, sensa," nikamwambia Mama Shani jikoni.

"Sensa si imeshapita?"

"Ya watu. Hii ni ya vifaa. Humu jikoni kuna kitu kinachotumia intaneti?"

Akaangalia sufuria. Akaangalia mwiko. "Baba Shani, mimi napika maharage."

Nikaandika: jikoni, hakuna. Chumbani kwa watoto nikapata tableti imelala chini ya kitanda, haina chaji tangu Idi. Kwenye kabati nikapata simu yangu ya zamani ambayo Dada Neema anaitumia kusikilizia taarabu. Printa nayo ilikuwa imezimwa, nikaiandika kwa wino mwekundu kwa ajili ya yale yaliyopita. Nikakumbuka hata simu ya bibi yao watoto, ambaye huja Jumapili kwa Jumapili na hawezi kula kabla hajapiga simu ya video kwa ndugu zake wote. Orodha ikafika kumi na sita. Nilijisikia kama mkurugenzi.

Halafu nikarudi mezani kulinganisha na ule ukurasa. `Galaxy-A14`, hiyo ya Mama Shani. Runinga ya sebuleni, ipo. Kamera ya getini, ipo. Nikatiki mpaka nikabaki na kimoja.

`ESP_8F21A0`.

Nikazima simu yangu, bado kipo. Nikazima runinga, bado kipo. Nikamwita Shani, yeye ana miaka kumi na anajua kila kitu. Akasema hajawahi kuliona jina hilo. Nikainuka taratibu, nikaenda dirishani, nikatazama ng'ambo ya ukuta kwa Mama Kulwa. Sebuleni kwake palikuwa na mwanga wa katuni.

"Tumempata," nikasema.

"Nani?" akauliza Mama Shani.

"Mwizi."

Nikaandika ile `ESP_8F21A0` upande wa "Wasiojulikana", nikaizungushia duara mara mbili. Kisha nikaupa mtandao jina jipya, nikabadilisha na paswedi. Herufi kubwa, ndogo, tarakimu, na alama ya mshangao ambayo nilikuwa naihisi moyoni. Nikaanza kuviunganisha vifaa kwa mujibu wa daftari, kimoja kimoja. Simu zilichukua dakika moja moja. Kamera ya getini ilitaka ionyeshwe msimbo kwenye kioo cha simu, nikasimama juani nimeielekezea simu kama napima macho ya geti. Printa haina kioo, kwa hiyo ilibidi niiunganishe na laptopu kwa waya kwanza ndipo niiambie paswedi mpya, na hiyo peke yake ilikula dakika arobaini. Ilipofika saa nane mchana, vifaa kumi na tano vilikuwa na tiki, imebaki simu ya bibi tu, ya kusubiri Jumapili. Na `ESP_8F21A0` ilikuwa imepotea kwenye ukurasa kabisa.

Jioni ile intaneti ilikimbia kama swala. Jumapili nikakutana na Mama Kulwa dukani, nikamsalimia kwa tabasamu la mtu anayejua mambo.

Sasa niwarudishe nyuma kidogo. Miaka miwili iliyopita shemeji yangu, mdogo wake Mama Shani, alikuwa akikaa hapa kwetu Tabata kabla hajahamia Mwanza. Sisi tuna tangi la chini la lita 3000 linalopokea maji ya bomba, na tangi la juu la lita 1000, na pampu katikati. Kazi ya kuwasha na kuzima pampu ilikuwa yangu, na mara nyingi niliisahau. Fundi bomba alinishauri nifunge boya kwenye tangi la juu, likijaa pampu izime yenyewe. Shemeji akasema boya ni mambo ya zamani. Akanunua soketi ya waifai, akaichomeka kule nyuma ya choo cha nje, akachomeka pampu humo, akaipanga kwa simu yake: washa saa kumi alfajiri, zima saa kumi na dakika arobaini. Tangi likawa linajaa tukiwa tumelala. Ndani ya mwezi mmoja tulikuwa tumeshasahau kwamba maji yana mtu anayeyapandisha.

Sijui kama msomaji ameanza kuona ninakoelekea. Mimi sikuona.

Maana Jumapili pampu iliwaka. Jumatatu ikawaka. Jumanne na Jumatano pia. Ile soketi ratiba yake imeitunza tumboni, haihitaji intaneti kila siku kujua saa kumi ni saa kumi. Inachohitaji kutoka kwenye mtandao ni saa yenyewe, kwa sababu ndani haina betri ya kutunza muda. Umeme ukikatika, inapoteza saa. Ukirudi, inaulizia mtandaoni sasa ni saa ngapi, inajibiwa, maisha yanaendelea. Miaka miwili ilikuwa inauliza na kujibiwa, sisi hatujui.

Alhamisi alfajiri umeme ulikatika saa kumi na robo, pampu ikiwa katikati ya kazi. Ukarudi saa kumi na dakika hamsini. Soketi ikaamka, ikakumbuka jambo moja tu: nilikuwa nimewashwa. Ikawasha pampu. Halafu ikauliza saa ngapi, na hakuna aliyeijibu, kwa sababu mwenye nyumba ameshaiandika kwenye upande wa wezi na kuizungushia duara mara mbili.

Tangi la juu likajaa. Bomba la kumwagia maji ya ziada, ambalo mwenyewe nilimwelekeza fundi alipitishe upande wa ukutani ili uani kwetu pasiwe na tope, likaanza kazi yake. Pampu yetu inapandisha kama lita 25 kwa dakika. Mpaka saa kumi na mbili na dakika kumi, hesabu niliyoipiga baadaye inaniambia zaidi ya lita 1300 zilikwenda kwa jirani.

Na jirani ni Mama Kulwa, ambaye kila alfajiri anachoma maandazi ya kuuza chini ya kibanda chake cha bati, sentimita chache kutoka kwenye ule ukuta.

Sauti ndiyo iliyoniamsha. Nilitoka na msuli na kandambili moja. Nikachungulia juu ya ukuta. Jiko limezimika, gunia la mkaa limelowa mpaka chini, na kwenye beseni la unga maandazi yaliyokwisha kukatwa yalikuwa yanaogelea kwa utulivu, kama bata.

"Baba Shani," akasema Mama Kulwa, mwiko mkononi, sauti ya chini kabisa. "Kama maandazi yangu hayana ladha, si ungesema tu?"

Nilikimbia kuzima swichi kubwa. Nikampigia shemeji Mwanza, usingizini.

"Shemeji, ile pampu inazimwaje?"

"Si inajizima? Labda kama mmebadilisha waifai."

Nikakaa kimya. Kimya changu kikamweleza.

Mchana nikamwita kijana anayetufungia mambo ya mtandao. Alisoma daftari langu lote bila kucheka, hilo nampa heshima. Halafu akaweka kidole kwenye ile duara.

"Mzee, hii `ESP` ni jina la chipu. Inawekwa kwenye soketi za bei nafuu, taa, swichi. Na tazama anwani yake hapa kwenye kumbukumbu za rauta, inaanza na `5C:CF:7F`. Jozi tatu za mwanzo zinamtaja aliyeitengeneza. Simu za siku hizi zinajibandika anwani ya kubuni, na utaijua kwa herufi yake ya pili: inakuwa 2, 6, A au E. Hii ya pili ni C. Ni anwani ya kiwandani." Akanitazama. "Mwizi gani anakuja kuiba na kitambulisho halisi?"

Akaibonyeza kitufe ile soketi sekunde tano mpaka taa ikaanza kupepesa, akaiunganisha upya, safari hii kwenye simu yangu. Kuhusu boya hakusema neno, alilitazama tu tangi, akanitazama na mimi. Boya lilifungwa kesho yake.

Kabla hajaondoka akanifundisha jambo ambalo ningelijua mapema, daftari lingebaki dukani. Rauta yangu inaweza kutoa mtandao wa pili, wa wageni. Akaupa ule mtandao wa wageni jina la zamani na paswedi ya zamani. "Uache wiki moja. Kila ulichokisahau kitakuja chenyewe kujisalimisha, utakiona hapa, utakihamisha. Wiki ikiisha, uzime."

Jioni nikavuka kwa Mama Kulwa na mfuko wa ngano kilo 25, gunia la mkaa na msamaha mrefu. Alinisamehe mapema kuliko nilivyostahili. Nilirudi nikiona aibu kwa lile tabasamu la dukani.

Ijumaa asubuhi nikafungua ukurasa. Kwenye mtandao wa wageni vilikuwa vimekuja vitu viwili. Cha kwanza ni king'amuzi cha sebuleni, ambacho sikuwa nimekiandika kwa sababu Mama Shani huwa anakifunika na kitambaa cha kufuma. Cha pili ni runinga. Runinga yetu ni moja, na ilikuwa na tiki.

Nikaitazama ile runinga kwenye kioo kwa muda. Mlango ukabishwa hodi. Mama Kulwa, na sahani ya maandazi ya moto iliyofunikwa kwa kawa.

"Nimewaletea, jirani, yaliyopita yamepita," akasema. "Na ahsante, naona mtandao wenu umerudi. Akina Kulwa walikosa katuni karibu wiki nzima."

Nikapokea sahani. Nikamwambia karibu sana.